DAWA YA MENO ILIYO HALISI NA ILE INAYOFANANA NAYO
Mazungumzo ya Mwenyekiti kwa wanachama waliofungua maduka mwaka huu



Kamati imetupa nafasi fupi ya kuzungumza na wenzetu waliofungua maduka kwa mkopo wa kikundi. Mambo ya kuandika daftari na kukopesha wateja mmeshaelezwa na wengine, sisi hatutayarudia. Tutazungumza jambo moja tu: unapoagiza mali kwa wauzaji wa jumla, utajuaje kwamba uliyoletewa ndiyo yenyewe, na siyo nyingine iliyovikwa nguo zinazofanana nayo?

Ili tusitangetange, tutachukua bidhaa moja, dawa ya meno. Kila duka inayo, ni ndogo, huja katoni nzima, na ni ya kutia mdomoni. Ukiielewa hiyo, betri, wembe, dawa ya viatu na mafuta ya kujipaka utayakagua kwa njia hiyo hiyo.

Hatutataja jina la kampuni yoyote ya hapa kwetu, maana hatukuja kumsifu mtu wala kumharibia mtu biashara. Tutatunga jina. Tuseme ipo dawa ya meno inayoitwa Mbalamwezi, inayopendwa na watu, boksi lake jekundu na maandishi meupe.

KWANZA TUTENGANISHE VITU VIWILI

Watu wengi wakisema "feki" huchanganya vitu viwili ambavyo si kimoja.

Cha kwanza ni bandia. Bandia ni ile iliyoandikwa Mbalamwezi, jina lile lile na alama ile ile, lakini wenye Mbalamwezi hawakuitengeneza. Huo ni wizi wa jina. Kuiweka dukani ni kosa la kisheria. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na wanaoisimamia ni Tume ya Ushindani, ile tunayoisikia kwa herufi za FCC.

Cha pili ni mfanano. Hii haikuandikwa Mbalamwezi. Imeandikwa Mbaramwezi. Mmesikia? Herufi moja tu, L imekuwa R. Na sisi wenyewe tunajijua, wengine tunasema "kura" na wengine "kula" bila kuona tofauti. Mtoto akitumwa dukani atasema vyovyote vile, na muuzaji atampa chochote. Boksi nalo ni jekundu, maandishi ni meupe, ule mwezi uliochorwa pembeni umegeuzwa tu ukatazama upande wa pili.

Mfanano huenda ukawa na kiwanda chake, anuani yake na hata alama ya Shirika la Viwango, TBS. Kwa hiyo si kila mfanano ni mali haramu. Mwingine ni dawa ya kawaida ya bei nafuu. Ubaya unaanza pale unapouzwa kwa jina la mwenzake na kwa bei ya mwenzake. Na mtu wa kwanza kuuziwa hivyo ni wewe mwenye duka.

Tukumbuke tofauti hiyo, maana hatua za kuchukua mwishoni si sawa.

KATONI MOJA INAKULA FAIDA YA KATONI NGAPI?

Tufanye hesabu kwa bei za mfano. Katoni ya Mbalamwezi ina tyubu 72, ndiyo dazani sita. Tuseme umeinunua kwa shilingi 108,000. Kila tyubu imekusimamia shilingi 1,500. Wewe unauza shilingi 1,800, unapata shilingi 300 kwa tyubu. Katoni ikiisha umepata shilingi 21,600.

Sasa umeletewa katoni ya mfanano ukailipia 108,000. Mteja wa kwanza ameipeleka nyumbani, ameisugua, haina povu lile alilolizoea, kesho anairudisha. Majirani wanasikia. Katoni inakaa. Ili urudishe hiyo 108,000 iliyolala, itakupasa uuze katoni ngapi za halisi? Gawanya 108,000 kwa 21,600. Jibu ni katoni tano. Tyubu 360 utaziuza bure, huli wewe wala watoto, na marejesho ya mkopo yanakungoja kila wiki. Ndiyo maana tunasema ukague kabla hujalipa, siyo baada.

ANZIA KWENYE ODA

Watu hudhani ukaguzi unaanza mzigo ukifika. Hapana, unaanza pale unapoagiza.

Sisi tulioko Morogoro mara nyingi tunapiga simu Kariakoo, tunasema, "Kaka, nitumie katoni mbili za Mbalamwezi," fedha inakwenda kwa simu, mzigo unapanda basi. Kwa maneno hayo umempa muuzaji mlango wazi. Ukija kulalamika atakuambia, "Dada, si hiyo hiyo uliyosema?" Na kweli, kwa sikio Mbalamwezi na Mbaramwezi ni hiyo hiyo.

Oda iandikwe. Hata kwa ujumbe wa simu inatosha, lakini iandikwe mambo matano: jina kamili herufi kwa herufi, jina la kiwanda, uzito wa tyubu moja, idadi ya tyubu katika katoni, na bei. Kwa mfano: "Naomba katoni 2 za dawa ya meno MBALAMWEZI (L, siyo R), ya kiwanda fulani, tyubu gramu 75, katoni ya tyubu 72, kwa shilingi 108,000 kila katoni. Isiyokuwa hiyo nitairudisha." Usiufute ujumbe huo mpaka mali imeisha dukani.

Ukiweza, ambatanisha picha. Na picha unaipata kwenye kitu tunachokiita tyubu mama. Nunua tyubu moja na boksi lake kwa msambazaji aliyeteuliwa na kiwanda chenyewe. Iweke kwenye droo, usiiuze. Hiyo ndiyo mizani yako. Jicho la binadamu halikumbuki vizuri; ukiangalia mfanano peke yake utaona ni yenyewe, lakini ukiviweka viwili pamoja mezani tofauti inaruka yenyewe. Kiwanda kikibadilisha boksi, nawe badilisha tyubu mama, usije ukaikataa mali halisi kwa sababu ya boksi jipya.

Utampataje msambazaji aliyeteuliwa? Uliza kiwandani. Namba ya simu ya kiwanda itoe kwenye boksi ulilolijua zamani kuwa ni halisi, siyo kwenye boksi unalolitilia shaka. Aliyeiba jina hashindwi kuandika namba yake mwenyewe, ukapiga naye akakuitikia, "Ndiyo, mali hiyo ni yetu!"

MZIGO UMEFIKA: TUUKAGUE HATUA KWA HATUA

Basi, mzigo umeshuka. Kijana anakuharakisha, "Mama, saini hapa niondoke." Usisaini. Mwambie akae kwenye benchi, mpe maji ya kunywa, nawe endelea na kazi. Dakika kumi zinatosha.

Hatua ya kwanza, pima katoni kwenye mizani. Hii wengi hawaijui, na haihitaji kusoma maandishi madogo. Tyubu 72 za gramu 75 ni gramu 5,400, yaani kilo tano na gramu mia nne, bado hujahesabu uzito wa tyubu zenyewe, maboksi na katoni. Kwa hiyo katoni halisi lazima izidi kilo tano na nusu karibu. Sasa mifanano mingi hupunguziwa ndani, boksi likabaki na ukubwa ule ule. Kama tyubu ina gramu 50, basi 72 ni gramu 3,600. Tofauti ni karibu kilo mbili, mizani yoyote ya duka itaiona. Ukishaipima katoni moja halisi, andika uzito wake kwenye ukuta nyuma ya kaunta, iwe kipimo cha siku zote.

Hatua ya pili, fungua katoni juu na chini. Wapo wanaopanga tabaka la juu mali halisi na chini mfanano, wakajua kwamba mwenye duka atafungua juu tu na kufurahi. Toa tyubu moja juu, moja katikati, moja chini. Tazama pia utepe wa kufungia. Katoni ya kiwandani hufungwa mara moja. Ukiona utepe umebandikwa juu ya utepe mwingine, au gundi ya zamani imechana karatasi, ujue ilishafunguliwa. Huenda ni kwa nia njema, muuzaji alikuwa akiuza dazani dazani, lakini sasa hiyo si katoni ya kiwanda tena, kwa hiyo kagua dazani zote sita.

Hatua ya tatu, linganisha namba za toleo. Kiwanda kinapotengeneza dawa, kila mkupuo hupewa namba yake pamoja na tarehe ya kwisha muda. Namba hiyo utaikuta sehemu tatu: nje ya katoni, kwenye kifuniko cha boksi dogo, na kwenye mkunjo wa tyubu, pale nyuma ilipobanwa. Kwenye mkunjo mara nyingi imegandamizwa ndani, ukipitisha kucha unaisikia. Boksi na tyubu iliyomo ndani yake vinapaswa kusema kitu kimoja. Kama boksi lasema muda unakwisha mwaka 2028 na tyubu yasema 2025, mtu ameihamisha tyubu iliyokwisha muda akaiweka kwenye boksi jipya. Hapo hakuna mjadala, usipokee.

Tyubu zote 72 zikiwa na namba moja na katoni ina namba hiyo hiyo, ni dalili nzuri. Zikichanganyika, ni swali la kumwuliza muuzaji, lakini bado si ushahidi wa wizi. Na tarehe ikiwa imepigwa kwa wino, isugue kwa kitambaa kibichi. Ikifutika ukaona tarehe nyingine chini yake, umeshapata jibu.

Hatua ya nne, soma maandishi kama mwalimu anayesahihisha daftari. Soma herufi kwa herufi, siyo kwa kuzoea. Tuwape mfano wa kweli kutoka nchi kubwa, msidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Mwezi Juni 2007, huko Marekani, zilikamatwa kwenye maduka ya bei nafuu ya majimbo kadhaa, likiwamo la New York, tyubu bandia zilizoandikwa Colgate. Kampuni iliwatangazia wananchi namna ya kuzitambua, na dalili zake zilikuwa nyepesi kabisa. Tyubu ziliandikwa kuwa zimetengenezwa Afrika ya Kusini, wakati kampuni haikuwa ikiingiza Marekani dawa ya meno kutoka huko. Zilikuwa za mililita 100, ukubwa ambao kampuni haikuwa ikiuza Marekani. Na maandishi yake yalikosewa: jina la Afrika ya Kusini lilikosewa herufi, jina la chama cha madaktari wa meno nalo likakosewa, na maneno mengine mawili yalishikamana bila nafasi kati yake. Katika dawa hizo ilikutwa kemikali iitwayo dayethilini glaikoli, ambayo hutumika kwenye maji ya kuzuia injini za magari zisigande kwa baridi. Kitu hicho ni sumu kwa figo na ini.

Mnaona, akina mama? Hakuna aliyehitaji maabara ili kuzishuku. Aliyesoma nchi, ukubwa na herufi alitosha kusema, "Hizi sizipokei." Maabara ilikuja kusema kilichomo ndani. Nasi tuliosoma mpaka darasa la saba, herufi tunazijua.

Hatua ya tano, ile mistari myeusi yenye namba chini yake. Hii tuipe nafasi yake, maana ina maneno mengi mitaani.

MISTARI MYEUSI INASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Chini ya mistari hiyo kwa kawaida pana tarakimu 13. Zile tatu za mwanzo zinaonyesha ni ofisi ya nchi gani iliyompa mwenye bidhaa namba yake. Tanzania ni 620. Kenya ni 616. India ni 890. Za China ni pamoja na 690 hadi 699. Watu husema, "Ikianza na 620 imetengenezwa Tanzania." Siyo lazima. Maana yake ni kwamba kampuni ilisajili namba hapa. Mali yenyewe huenda ilitengenezwa kwingine kwa niaba yake. Nchi ya utengenezaji isome kwenye maandishi.

Lakini namba hizo zina faida moja. Tarakimu ya mwisho, ile ya 13, haikuwekwa kwa bahati. Inatokana na hesabu ya zile 12 za mwanzo. Kila unapokosea tarakimu moja, hesabu inagoma. Wenye mifanano, wakitaka boksi lionekane kama la mwenzake, wengine hutunga tu namba kama pambo. Hapo ndipo hesabu inawaumbua.

Tufanye pamoja, chukueni kalamu. Namba yetu ya mazoezi ni hii: 6201234567893.

Acha ya mwisho, 3. Zimebaki 12. Kuanzia kushoto, jumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi na moja: 6, 0, 2, 4, 6 na 8. Jumla ni 26. Iweke pembeni.

Sasa jumlisha zilizobaki, ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili: 2, 1, 3, 5, 7 na 9. Jumla ni 27. Hii izidishe mara tatu, unapata 81.

Ongeza 26 na 81, ni 107. Ili 107 ifike kwenye kumi kamili inayofuata, yaani 110, inahitaji 3. Na tarakimu ya mwisho ni 3. Basi namba imekaa sawa. Kama boksi lingekuwa na 5 mahali pa ile 3 ya mwisho, ungejua namba hiyo ni ya kutunga, au imekosewa kuchapwa, vyovyote, uliza.

Lakini msitoke hapa mkidhani mmepata dawa ya kila ugonjwa. Aliyenakili mistari yote kama ilivyo, hesabu yake itakubali vizuri sana. Hesabu ikigoma, mali ina shaka. Hesabu ikikubali, bado hujathibitisha chochote. Kwa hiyo linganisha pia na tyubu mama: ukubwa ule ule wa dawa ile ile kwa kawaida hubeba namba ile ile.

Na lipo jambo jingine la mitaani, kile kipande cha rangi kwenye mkunjo wa tyubu. Mmesikia wakisema eti kijani ni dawa ya mimea, nyeusi ni kemikali tupu. Si kweli. Alama hiyo imewekwa ili mashine ya kiwandani ijue mahali pa kuikata na kuikunja tyubu. Haimwambii mnunuzi kilichomo ndani, wala uhalisi wake. Usikatae mali kwa sababu yake, wala usiipokee kwa sababu yake.

BEI NAFUU IPIME KWA GRAMU

Muuzaji atakuambia, "Mama, chukua hii Mbaramwezi, ni ile ile, tyubu unapata kwa 1,200 tu." Moyo unaruka, maana halisi ni 1,500. Tulia, gawanya kwa gramu. Halisi: 1,500 kwa gramu 75, gramu moja ni shilingi 20. Mfanano: 1,200 kwa gramu 50, gramu moja ni shilingi 24. Hiyo inayoitwa nafuu ndiyo ghali. Mteja wako atamaliza tyubu mapema, na atakuhesabu wewe kuwa mwizi, siyo muuzaji wa Kariakoo.

Na kama ni Mbalamwezi yenyewe lakini bei imeshuka mno kuliko ya msambazaji aliyeteuliwa, jiulize huyu anaitoa wapi. Yapo majibu ya halali, kama vile inakaribia kwisha muda. Lakini jibu lazima liwepo, na likupendeze.

WANACHAMA WAWILI, KATONI MBILI

Mwaka jana wenzetu wawili waliletewa mfanano kwa muuzaji mmoja, wiki moja. Majina yao na la muuzaji tunayaacha.

Wa kwanza aliagiza kwa simu ya mdomo, akalipa yote, akasaini karatasi ya kupokelea mzigo bila kufungua. Risiti hakupewa, alipewa kikaratasi kilichoandikwa "dawa ya meno katoni 1". Alipogundua, muuzaji alimwambia kwamba kikaratasi hakikutaja jina, na saini yake ipo. Mali ilibaki kwake.

Wa pili aliandika ujumbe wenye mambo yale matano, akalipa nusu, akabakiza nusu mpaka akague. Mzigo ulipofika aliupima: kilo nne na kidogo. Alifungua chini, akakuta R mahali pa L. Hakugombana. Aliandika kwenye karatasi ya kupokelea, "Imekataliwa, siyo iliyoagizwa, uzito pungufu," akapiga picha, akampa kijana katoni yake. Muuzaji alitazama ule ujumbe, akakosa la kusema, siku ya tatu akaleta halisi.

Hawa wawili wote wana akili na wote wana bidii. Tofauti ilikuwa karatasi na saa ya kulipa.

RISITI

Dai risiti ya mashine ya kodi, ile ya EFD, na bidhaa itajwe jina kamili, siyo "bidhaa mbalimbali". Risiti hiyo ina jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi na namba ya uhakiki. Namba hiyo ya uhakiki unaweza kuiingiza kwenye simu, kwenye ukurasa wa Mamlaka ya Mapato, verify.tra.go.tz, ukaona kama risiti ni ya kweli, maana siku hizi na risiti nazo huigwa.

Faida yake kwetu siyo kodi peke yake. Mkaguzi akiingia dukani akakuta bandia kwenye rafu, atauliza umeitoa wapi. Mwenye risiti yenye jina anaonyesha alikonunua, na anaonyesha kwamba alikuwa mwangalifu. Asiye na risiti anabaki yeye na ile mali.

UKISHAIGUNDUA, UFANYE NINI?

Kama ni mfanano wenye jina lake, kiwanda chake, alama ya TBS na muda haujakwisha, nawe umeamua kuiuza, iuze kwa jina lake na bei yake. Usiipange rafu moja na halisi. Mteja akisema "nipe Mbalamwezi" na unayo ya R tu, mwambie wazi, "Mama, ninayo nyingine, inaitwa hivi." Akitaka atachukua.

Kama ni bandia, au tarehe imefutwa, iondoe kwenye rafu siku hiyo hiyo. Ifunge, iandike "haiuzwi", iweke chumbani pamoja na risiti. Usiichome moto, maana umechoma ushahidi wako. Usimsukumie jirani kwa bei ya hasara, maana umehamisha kosa hujalifuta. Kwa bandia toa taarifa FCC. Kwa ubora na usalama toa taarifa TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio wenye kazi ya vyakula na vipodozi iliyokuwa ya TFDA. Na mwarifu mwenye kiwanda, yeye ndiye mwenye uchungu zaidi wa jina lake.

Mwisho tuseme ukweli mmoja. Ipo bandia iliyotengenezwa kwa ustadi, ambayo mizani haitaishika, macho hayataiona, na hesabu ya mistari itaikubali. Kwa hiyo ukaguzi wote tulioueleza ni wa kushika wengi, siyo wote. Kinga ya hao waliobaki ni kununua mahali panapojulikana. Ndiyo maana kamati imependekeza wenye maduka kumi na wawili tuunganishe oda za dawa ya meno na sabuni, tuchukue kwa msambazaji aliyeteuliwa, hata kama nauli itaongezeka kidogo. Jambo hilo litaletwa kwenye kikao cha Jumamosi baada ya sherehe hii, nanyi mtaliamua wenyewe. Kila mwenye duka aje na tyubu mama yake, na katoni yake ya mwisho aliyonunua. Mizani itakuwepo mezani.